Rangi Iliyochemka

Wateja walikuwa wanakuja mchana huohuo, na gari lilikuwa linachemka.

Si injini. Injini halikuwa nayo, lilikuwa gari la kwenye kompyuta, la tangazo, jekundu la metaliki. Iliyochemka ni rangi. Lilipoanza tu kutembea juani, chembe za kumetameta zilizotakiwa kutulia kwenye bodi zikarukaruka kama sisimizi waliomwagiwa maji moto. Mpwa alirudisha video nyuma, akaicheza tena; zikaruka vilevile.

Ofisi nzima ilimwita Mpwa, kwa kuwa aliletwa pale na mjomba wake. Na Mjomba ndiye aliyeiandika programu yao ya kuchorea, miaka na miaka, mstari kwa mstari. Kazi ya programu hiyo ni kufuata mwanga: kila nukta ya picha inarusha miale kwa mamia, mwale unagonga kitu, unadunda, unagonga kingine, mpaka uifikie taa au ufie njiani. Bosi alishasema bila kumung'unya maneno. Programu za dukani zipo tele. Tangazo hili lionyeshe kitu ambacho za dukani haziwezi, la sivyo programu izikwe na mwenyewe aende nyumbani. Mjomba akachagua rangi ya metaliki, akaikabidhi kwa mtoto wa dada yake.

Naye aliijenga vizuri, tusimwonee. Juu aliweka vanishi, tabaka angavu: ukiitazama uso kwa uso inarudisha mwanga kidogo tu, ukiitazama kwa upande upande inakuwa kioo. Mwanga uliobaki unapenya, unapinda, unakutana na chembe za alumini zilizolala kila moja na mwinamo wake, na chini yake wekundu. Wakati wa kutoka, vanishi inaukata tena. Alihesabu kuingia na kutoka, gari lisije likatoa mwanga mwingi kuliko liliopokea.

Sasa chembe ni nyingi mno, huwezi kuzipanga kwa mkono. Programu inagawa nafasi katika vijumba vidogo, na mahali kijumba kilipo ndipo panapoamua chembe yake itazame wapi. Hapo ndipo alipoteleza. Mahali alipima kutoka katikati ya uwanja ambamo gari linatembea, si kutoka katikati ya gari lenyewe. Gari likisimama huoni tofauti. Likitembea, bodi inavihama vijumba, na kila picha inazaa chembe mpya. Na katika majaribio yake yote gari lilisimama. Alizungusha kamera, akalizungusha jua. Mjomba alipouliza, "Umeliangalia vizuri, mama?" alijibu, "Pande zote, mjomba," na alisema kweli.

Mjomba alikuja, akavaa miwani, akatazama mara moja tu. Hakugomba. Alifungua msimbo wa programu, akabadilisha neno moja: palipoandikwa uwanja akaandika gari.

"Basi, imepona," Mpwa alisema.

"Imepona. Lakini picha zote zichorwe upya, na mashine zetu unazijua. Wiki nzima." Alivua miwani. "Dawa tumepata, ila mgonjwa tayari yuko kaburini."

Mpwa alitamani Mjomba amtukane. Angalau angejua pa kulilia.

Bosi alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. "Pitisha kifuta chenga, kisafishe picha," alisema. "Kwa nguvu zote."

"Kifuta chenga kinatazama nukta na jirani zake," Mjomba alisema taratibu. "Inayong'aa peke yake kinaiona uchafu. Kitazimaliza chembe zote, bosi."

"Heri zisiwepo kuliko zicheze ngoma mbele ya wateja."

Kikapitishwa. Chembe zote zikafutika, zile za kurukaruka na zile ambazo zingetulia. Likabaki gari jekundu, laini, kama beseni jipya la plastiki.

Wateja walitazama hadi mwisho. Kisha mkubwa wao akatabasamu. "Safi sana. Laini. Hivi ndivyo tulivyotaka. Rangi kafanya nani?"

Bosi akamwonyesha Mpwa kwa kidole. Alipofungua mdomo aseme, alimwona Mjomba anatikisa kichwa kidogo: nyamaza. Akaufunga. Angesema nini? Kwamba waliyoipenda haikuwa kazi yake?

Bosi aliinama kwa Mjomba, na Mpwa aliyekaa katikati yao alisikia kila neno. "Umeona, mzee? Wanataka laini. Laini hata ya dukani inatoa."

"Inatoa," Mjomba alikubali.

"Basi tutaongea."

Wateja wakaanza kumpigia Mpwa makofi, ikabidi asimame. Mjomba naye alisimama, akageukia alipo mtoto wa dada yake, akapiga makofi kuliko wote.