Nani Kwanza Kwenye Benchi

Swali lenyewe lilikuwa fupi, na Modesta Masalu alilikosa mara mbili. Wagonjwa wanne wamefika mapokezi kwa pamoja. Wa kwanza ni mzee mwenye presha, kichwa kinamuuma. Wa pili kijana aliyeanguka na baiskeli, mkono umevunjika, analia mpaka anasikika nje. Wa tatu ni mama anayeharisha tangu jana, amelegea. Wa nne ni msichana aliyeng'atwa na nyuki, midomo imevimba, amekaa kimya. Wapange, nani aanze, na kwa nini?

Modesta alimweka mzee kwanza. Mara zote mbili.

"Kwa nini mzee?" Mwalimu Josepha alimuuliza mbele ya darasa zima.

"Kwa sababu ni mzee, Mwalimu."

Loo! Darasa lilicheka mpaka madawati yakagongana. Precious, rafiki yake wa chanda na pete, alijificha uso kwenye daftari, mabega yanatikisika. Lakini Modesta hakuwa anatania. Kwao Magu, mzee akiingia uani hata mtoto anayenyonya hutolewa kwenye kigoda. Ukimpita mzee bila kumhudumia, watu wanauliza umezaliwa na nani. Sasa mtu aliyelelewa hivyo unamwambiaje kwamba mzee akae, msichana wa nyuki apite?

Mwalimu Josepha yeye hakucheka. Alikuwa mama wa Kihaya, mrefu, sketi yake imepigwa pasi mpaka ukiitazama unaona aibu kwa ajili ya sketi yako. Alikuwa na ulimi mkali, mtu asikudanganye; wanafunzi wa chuo kile cha uuguzi waliomwogopa walikuwa wengi kuliko waliompenda. Ila hakuna aliyewahi kumwona akimcheka mtu anayejaribu.

"Modesta, heshima ni yako, usiitupe," alisema. "Lakini mzee anaongea. Analalamika kwa sentensi nzima. Kijana wa baiskeli analia, na anayelia hivyo hewa inapita kooni. Mama wa kuharisha ana shida ya maji na mzunguko wa damu, naye aingizwe mapema. Huyu wa nyuki je? Uvimbe uliopo mdomoni unaweza kuwa unashuka kooni. Dakika chache tu, njia imeziba. A ni njia ya hewa. B ni kupumua. C ni mzunguko wa damu. Njia ikiziba, hivyo vingine vyote havikusaidii kitu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Hujaelewa. Umekariri." Akasogea karibu, sauti ikashuka. "Nyumbani kwenu unaingiaje mahali penye watu?"

"Nasalimia."

"Wote?"

"Wote, Mwalimu. Nikimruka mmoja, ni kesi."

"Basi ingia hivyo hivyo mapokezi. Salimia benchi zima, na usikilize wanavyoitikia. Anayeitikia kwa sauti yake kamili, njia yake iko wazi. Anayeitikia kwa neno moja moja, pumzi ni taabu. Anayekoroma, aliyekauka sauti, asiyeitikia kabisa, huyo mwendee mbio. Wazee wako wamekupa kipimo bure, wewe unakitumia kwa adabu tu."

Modesta alitoka darasani kichwa kinamzunguka. Jamani, miaka yote ile anaamkia watu, kumbe alikuwa ameshika kipimo mkononi! Alimpenda Mwalimu Josepha tangu siku ile, na hakuona haya kusema.

Mapenzi hayafuti alama, lakini. Mkuu wa chuo alimwita akamwambia wazi: bado mtihani wa vitendo, na mtahini anatoka nje. Akishindwa kupanga wagonjwa mara ya tatu, afungashe virago arudi Magu. Hapo hakuna wa kumwombea.

Siku ya mtihani ikafika. Mtahini, Bwana Cleophace, alikuwa mtu mnene, mpole wa sura, mwenye tabia ya kuuliza "kwa nini" mpaka jasho likutoke. Mwaka huo watu walikuwa wameanza kuchangia gharama za matibabu, na waliofika mapokezi ya hospitali asubuhi ile walikuwa na hasira kabla hata hawajaugua. Bwana Cleophace alisimama kando na Mwalimu Josepha. Muuguzi wa zamu alikuwa karibu, tayari kuingilia.

"Benchi lile pale," mtahini alisema. "Nani kwanza, nani wa pili, nani wa tatu. Na ufanye, usinisimulie tu."

Modesta akageuka kutazama benchi.

Katikati ya benchi alikaa babu yake mzaa baba, Babu Luhaga, mguu wameufunga kitenge kilicholowa damu. Dume la ng'ombe lilikuwa limemchoma pembe pajani alfajiri, na badala ya kwenda zahanati ya jirani alikataa katakata. Twendeni Mwanza, alisema, nina mtu wangu hospitali. Na mtu wake ndiye huyu, mjukuu aliyemlea mwenyewe, aliyepigana na ukoo mzima ili asome. Pembeni yake alikuwa Malimi, baba mdogo wa Modesta, amechoka na makelele.

"Huyo hapo!" Babu alinguruma mpaka watu wakageuka. "Si niliwaambia? Mke wangu huyo! Njoo uniingize ndani, mke wangu, hawa wanataka niugulie hapa!"

Watu wakacheka, maana mzee kumwita mjukuu mke ni utani wa kila siku. Modesta hakucheka. Kushoto kwa Babu alikaa mama mmoja, mtoto mgongoni. Kulia, mwishoni kabisa, alikaa mama ntilie wa Mabatini, khanga ameishikilia usoni, ametulia tuli.

Akashusha pumzi. Akaanza kusalimia.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba! Marahaba, mke wangu!" Sauti ile ungeisikia hata ukiwa mtaa wa Mirongo.

"Mama, hujambo? Mtoto hajambo?"

"Hajambo si sana, dada. Kifua." Modesta alimfungua mtoto mgongoni akamtazama. Pua zinatanuka, mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, lakini analia, kilio chembamba. Hewa inapita, ila kwa taabu.

"Dada, habari yako?"

Mama ntilie akainua macho. "Nzuri," alisema. "Mhudumie mzee kwanza. Mimi ni jiko tu, la mafuta ya taa, la mchina, limenilipukia kibandani. Nitasubiri."

Alisema kwa adabu kabisa. Na sauti ilikuwa imekwaruza, kavu.

"Hiyo ndiyo sauti yako ya siku zote?"

Yule mama akatikisa kichwa. Modesta aliishusha khanga taratibu. Nyusi zimeungua, vinyweleo vya puani vimeungua, na alipokohoa, makohozi yalikuwa na masizi. Moto ulikuwa umeingia ndani, na koo lilikuwa linavimba pale pale alipokaa kwa heshima kumsubiri mzee wa watu.

"Huyu kwanza!" Modesta alisema, na sauti yake haikutetemeka. "Aitwe daktari sasa hivi, koo lake linavimba. Dada, kaa wima, usilale. Precious, lete oksijeni hapa, halafu mpeleke mtoto kwenye mtungi wa pili, abaki amekaa kwa mama yake."

Precious, aliyekuwa akisubiri zamu yake ya mtihani, aliruka kama ameguswa na umeme.

Babu alikuwa ameanza kuinuka. Alidhani ni yeye anayefuatwa. Modesta alipita mbele yake, akamshika mama ntilie mkono.

"Modesta!" Babu hakuita tena mke wangu. "Unanipita mimi? Mimi?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, acheni. Mtu aliyekubeba mabegani unampita mbele ya halaiki, na damu yake unaiona. Modesta alimkabidhi mama ntilie kwa muuguzi wa zamu, akarudi kwa Babu. Alimgusa mkono, una joto. Mshipa wa mkononi unapiga vizuri. Damu kwenye kitenge inachuruzika, hairuki. Akachukua pamba nene, akaiweka juu ya jeraha.

"Baba mdogo, mlaze hapa kwenye benchi. Kandamiza hapa kwa nguvu zako zote, usiachie, usichungulie. Ikianza kulowa upya, piga kelele." Kisha kwa Babu, taratibu: "Utaingia, Babu. Wewe ni wa tatu."

"Wa tatu!" Mzee alilala akatazama dari. "Sawa. Basi usiniamkie tena. Shikamoo yako sitaitikia mpaka naingia kaburini."

Maneno hayo yalimchoma Modesta kuliko pembe ya dume. Bwana Cleophace naye akachagua wakati huo huo kuuliza.

"Mzee anavuja damu. Mtoto anahangaika kupumua. Kwa nini umeanza na anayesema yuko salama?"

"Kwa sababu njia yake inaziba, Bwana. Mtoto anapumua kwa shida lakini njia iko wazi, ni wa pili. Babu ana damu, lakini inazuilika kwa mkono wa baba mdogo, na amenigombeza kwa pumzi moja bila kupumzika. Ni wa tatu."

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi na hakuyafuta. Mwalimu Josepha aligeukia dirishani, akajifanya anatazama ziwa.

Daktari alimpitishia mama ntilie mrija kooni muda mfupi baadaye. Alitoka akivua glavu, akasema angechelewa kidogo tu asingepata pa kuupitisha. Bwana Cleophace alisikia, akaandika kitu, na safari hii hakuuliza kwa nini. Mtoto alianza kupumua kwa nafuu. Babu Luhaga alishonwa, akalazwa.

Jioni Mwalimu Josepha alimkuta Modesta kwenye ngazi. "Umefaulu," alisema. "Nimefundisha wengi. Kumpita babu yako mwenyewe, mimi sijui kama ningeweza." Akaondoka haraka, maana hakuwa mtu wa kusifu ovyo.

Furaha ilikuwa nusu tu. Modesta aliingia wodini akamkuta Babu amelala chali, macho amefumba. Baba mdogo Malimi alikuwa ameshamsimulia habari za mama ntilie na mrija, lakini uso wa mzee ulikuwa ule ule.

"Shikamoo, Babu."

Kimya.

"Babu, shikamoo."

Kimya kabisa. Modesta akasogea. Mgonjwa asiyeitikia! Mwili wa Modesta ulitangulia mawazo: akainama, sikio karibu na pua ya mzee, macho kifuani, mkono mmoja kwenye paji la uso, wa pili chini ya kidevu, akaanza kukiinua.

"Marahaba!" Babu alipayuka. "Marahaba, toa mikono yako! Mtu hawezi hata kununa katika hospitali hii?"

Wodi nzima ikacheka. Modesta akakaa chini palepale, kicheko na kilio vimechanganyika, na mkono mkavu wa mzee ukamshika bega.

"Nyie," Babu aliwaambia wagonjwa wenzake, kwa sauti yake kamili, "mnamwona huyu? Alinipita mbele ya watu. Ni mjukuu wangu mimi huyu, nimemlea mwenyewe."