Keti, Mkono Mezani

Mimi ni nesi wa zahanati ya kijiji chetu hapa kisiwani 'Eua, na kama kuna kazi ya kumpandisha mtu presha, basi ni kuwapima presha majirani zangu.

Nawaambia, msinywe kahawa nusu saa kabla ya kupimwa. Wanakuja na vikombe mkononi. Nawaambia, kaeni kimya dakika tano, mgongo uegemee kiti, miguu chini. Weee! Mama mmoja alinisimulia harusi nzima ya mjini Nuku'alofa huku mashine inajaa upepo, na namba ilipotoka juu akanigombeza mimi. Halafu kuna hili la kushindana. Juzi mzee wa kanisa katoka mlangoni na mia na hamsini na nane yake, kainua mikono kama kafunga goli, anamwambia mwenzake, "Wewe una mia na thelathini tu, nimekuacha mbali!" Nikamwambia, mzee, hapa anayeshinda ni mwenye ndogo. Akanitazama kama nimemnyang'anya kombe.

Lakini hao angalau walikuja. Aliyenikosesha usingizi ni kaka yangu Pauliasi.

Pauliasi ana miaka hamsini na moja. Baba yetu alianguka shambani akiwa na hamsini na mbili, mkononi kashika mche wa kiazi kikuu, wala hakuwahi kulalamika hata kichwa kumuuma. Binamu yetu Feleti, na kwetu binamu ni kaka vilevile, alianguka mwaka jana, arobaini na saba, vilevile. Presha ni ya ukoo wetu, kama pua hii. Na Pauliasi anakula nyama ya kopo kwa kijiko, halafu anaiongeza chumvi. Kupimwa? Hajapimwa hata mara moja. Miaka miwili nimekuwa nesi hapa, miaka miwili wiki ya upimaji inakuja na kupita, yeye hata kivuli chake hakijaingia ukumbini tunapopimia.

Mtu atasema, si umwambie tu? Nimwambie vipi? Huyo ni kaka yangu. Tangu nivunje ungo sijawahi kulala naye chini ya paa moja, sijamwona bila shati, na nikiingia kwake akiwa amejilaza, huinuka na kutoka. Ndiyo heshima yetu. Dada hasimami mbele ya kaka kumsemea mambo ya mwili wake, aibu itatuua kabla ya presha. Neno linazungushwa, linapambwa, linatupwa kwa wengi ili mmoja aliokote.

Basi nikatunga shairi. Nililiandika kwa majirani wote, ila moyoni nilikuwa na jirani mmoja. Mchungaji akalisoma Jumapili pamoja na matangazo:

Upimwe, ewe jirani, mara moja kila mwaka,
Presha huja faraghani, wala haitasikika,
Hutaihisi mwilini, hadi siku waanguka,
Keti, mkono mezani, na wanao watacheka.

Pauliasi ndiye mwalimu wa kwaya. Nilimwona kule mbele akisikiliza, kichwa kainamisha, midomo inacheza. Nikasema moyoni, kumbe limempata!

Limempata kweli. Jumatatu alikuwa ameshalitia sauti nne. Jumanne kwaya inaliimba. Jumatano nikapita nje ya nyumba wanayonywea kava, kinywaji chetu cha mizizi, wanaume thelathini wanaporomosha "hadi siku waanguka" kwa besi ya kutikisa bati, na sauti iliyo juu ya zote ni ya kaka yangu. Watoto wakawa wanaruka nalo kamba. Watu wakaja kupimwa kwa wingi ambao haujawahi kuonekana, foleni mpaka kwenye makaburi. Watu mia moja arobaini na tatu kwa siku nne. Pauliasi aliwaleta wengine mwenyewe kwenye gari lake la mizigo, akawashusha mlangoni, akageuza gari akaenda zake!

"Hivi huyu mtu ana akili timamu?" nilimuuliza wifi yangu Losaline, mkewe, siku ya Alhamisi. Nilikuwa nimemfuata jikoni kwake, nimefura. "Analiimba, anawafundisha wenzake, anawabeba mpaka mlangoni. Yeye mwenyewe anangoja nini, barua?"

"Anasema yuko mzima."

"Baba naye alikuwa mzima! Alikuwa mzima saa tatu, saa nne tukamfunika."

"Wifi, usinipigie kelele mimi. Mimi nilipimwa Jumatatu."

"Mwambie kesho ndiyo mwisho. Kalolaine anarudi kwao na mkanda mpana wa kupimia, na bila mkanda ule mkono wa Pauliasi siupimi. Ule mwembamba ukiubana mkono mnene kama wake unadanganya, unapandisha namba bure."

Kalolaine ni nesi wa kijiji cha pili. Mkanda mpana tunao mmoja kati yetu, na unapokuja huku yeye huja nao, kwa sababu haniamini.

Losaline akawa anakuna nazi, hasemi. Namjua wifi yangu, akinyamaza ujue kuna jambo. Lakini nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira hasikii hata kimya kinachompigia kelele. Nikaondoka nikisema, "Haya, na aanguke. Shairi la kuimbia mazishini analo tayari." Nililia njia nzima.

Ijumaa tukabaki mimi na Kalolaine na ukumbi mtupu. Saa nane mchana nikafungua daftari la kijiji kuwatafuta wasiofika. Wanawake wote wamekuja. Wazee wamekuja. Wamebaki kumi na wawili, wote wanaume wa makamo.

"Tazama wajinga hawa," nikamwambia Kalolaine. "Pauliasi. Semisi. Vaea. 'Isileli na mdogo wake. Mwaka jana majina hayahaya, na Feleti alikuwa wa juu kabisa. Nilisema pale msibani kwake, nikasema mbele ya mjane: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakusikia!"

Kalolaine akalivuta daftari. Akapitisha kidole, polepole, jina baada ya jina.

"Semisi ni nani kwako?"

"Mtoto wa mama mdogo."

"Vaea?"

"Wa baba mkubwa."

"'Isileli na mdogo wake?"

"Wa baba mdogo. Kwani unataka kuniposea? Wote hao ni kaka zangu."

"Wote kumi na wawili."

"Wote, ndiyo, ukoo wetu ni mk—"

Nikakomea hapo. Kalolaine alitazama meza, akatazama kiti cha mgonjwa, akatazama kiti changu. Mezani palikuwa na mkanda. Ili kuufunga, mtu anavua koti, anapandisha mkono wa shati mpaka begani, na mimi namshika kiwiko, nampapasa mshipa kwa vidole vyangu. Halafu namuuliza, unakojoa mara ngapi usiku, unakunywa pombe kiasi gani.

"Mungu wangu," nikasema. "Ni mimi."

"Nilidhani unajua," Kalolaine akasema. "Nilidhani ndiyo maana umeandika shairi badala ya kwenda kwake."

"Mdomo niliufikiria! Mikono sikuifikiria. Nikivaa gauni la unesi mimi ni nesi tu."

"Kwako wewe. Kwake umebaki dada uliyevaa gauni."

Laiti ningekuwa na mtu wa kumgombeza. Nilitafuta, sikumpata. Mlangoni Losaline alikuwa amesimama, pengine muda mrefu, kashika mkeka wa heshima aliouvaa kiunoni.

"Wifi, jana ulijua!" nikamrukia. "Ulikuwa unakuna nazi na unajua!"

"Alinikataza nisiseme. Alisema ukijua utaona haya na kuacha kazi, na kijiji kitakosa nesi." Akafuta jasho. "Yumo garini, nyuma ya kanisa. Analeta watu kila siku, anakaa garini, anatazama mlango huu. Anangoja utoke ukale chakula. Wewe huli!"

Ni kweli, sikuwa nakula. Nilikuwa nawangoja wao.

Nikainuka. Nikachukua kiti changu, nikatoka nacho mlango wa nyuma, nikakiweka upande wa pili wa ukuta, mgongo kwa ukumbi, uso kwa migomba. Kuta zetu ni za mbao, kila kitu kinasikika. Nikasikia gari likiwashwa, likizimwa. Nikasikia hatua zake nzito, kiti kikilia.

"Mgongo nyuma, miguu chini," Kalolaine akamwambia. "Dakika tano, usiseme wala usiimbe."

Kaka yangu alinyamaza dakika tano. Sijawahi kumsikia kimya muda mrefu hivyo isipokuwa siku ya kumzika baba. Kisha mashine ikavuma, ikajaa, ikaachia. Kalolaine hakutaja namba. Akangoja. Ikavuma tena. Akangoja. Akampima na mkono wa pili. Nikajua, kwa sababu namba nzuri hairudiwi hivyo.

"Mia na themanini na sita," Kalolaine akasema, taratibu, lakini kwa sauti ya kufika ukutani. "Ya chini, mia na kumi na mbili. Kichwa kinauma? Kifua? Macho yana ukungu? Mkono au mguu unakufa ganzi?"

"Hapana. Niko mzima kabisa."

"Hauko mzima. Husikii tu. Leo hii unakwenda hospitali kumwona daktari, Losaline anakupeleka, wewe huendeshi. Utaanza dawa, na utaimeza kila siku hata ukijiona simba."

Kaka yangu akasema, "Hadi siku waanguka," bila kuimba.

Walipotoka, hatua zake zilikuja mpaka kwenye kona ya ukumbi zikasimama. Hakujitokeza, na mimi sikugeuka.

"Losaline," akasema, kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika kwa mke aliye kando yake, "mwambie nesi ahsante. Na mwambie asiondoke hapo alipokaa. Nawapigia simu wenzangu."

Wakaja. Mpaka jua linainama walikuwa wamekuja kumi, Semisi, Vaea, wote, isipokuwa mmoja aliyekuwa ng'ambo kwa kazi ya kuchuma matunda. Niliwasikia mmoja mmoja, kiti kikilia, mashine ikivuma. Watano walikuwa juu, wawili kati yao juu sana. Kalolaine alinipitishia karatasi dirishani nikawaandikia rufaa, kwa hasira na haraka mpaka mwandiko ukawa wa daktari.

Jioni sikwenda nyumbani. Nilikwenda kwa mjane wa Feleti. Alikuwa anaanua nguo, akanikaribisha, akataka kunichemshia chai.

Nikamwambia, "Acha chai. Nimekuja kuliondoa neno nililolisema msibani. Feleti hakuwa mkaidi."

Akashusha nguo alizokuwa nazo mikononi. "Najua," akasema. "Alikuja. Mwaka jana, mara mbili. Alifika mlangoni, akakuona umekaa, akarudi."