Namba ya Katikati

Simu ya dereva ilimkuta muuguzi mkuu amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, viatu kavua, miguu imemvimba. Alikuwa kazini tangu jana asubuhi. Mwenzake anaumwa, na akina mama wawili walikuwa wamejifungua kwa kufuatana.

"Sista, niko dukani," dereva alisema. Alikuwa amepanda basi kwenda mjini kutafuta tairi la mbele kushoto la gari la wagonjwa, lililolika upande mmoja hadi kubaki upara. "Kwenye fomu umeandika mia tisini na tano, rimu kumi na tano. Muuzaji ameniwekea aina tatu hapa, zote zina namba hizohizo."

"Basi chukua mojawapo, baba."

"Anataka namba ya katikati, na mimi siwezi kuitaja kwa kinywa changu. Anafuata fomu."

"Basi chukua kama lililopo."

Kisha dereva akasema, taratibu, kama mtu aliyechoka kurudia: "Nenda kalisome hilo lililopo. Halafu soma na mengine."

Muuguzi alitamani kukata simu. Mwezi mzima mzee huyu alikuwa akilalamikia tairi hilo, lililofungwa dereva alipokuwa likizo, na muuguzi ndiye aliyelipokea. Alikuwa amemjibu kwamba upana ni ule ule, rimu ni ile ile, tairi ni tairi. Kisha gari likakwaruza nguzo ya lango upande wa kushoto, wagonjwa wakanong'ona kwamba dereva anakunywa, na muuguzi akamwandikia barua ya onyo. Nakala ilikwenda makao makuu.

Akavaa viatu bila kufunga kamba, akatoka uani. Jua lilikuwa kali. Akachuchumaa kwenye gurudumu la mbele kushoto, akafuta tope kwa kipande cha shashi.

"Mia moja tisini na tano," alisoma. "Kijistari kimelala upande. Sitini. Herufi R. Kumi na tano."

"Sawa. Mia tisini na tano ni upana wa tairi, kwa milimita. Kumi na tano ni kipenyo cha rimu, kwa inchi; ikikosewa hiyo, tairi halivaliki. R ni namna nyuzi zilivyopangwa ndani, iache. Sasa nenda kulia."

Akajikokota hadi upande wa pili, goti likalia. Akafuta. Mia tisini na tano. Kijistari. Akatazama tena.

"Sabini," alisema.

"Na ya nyuma?"

Akazunguka. Sabini. Sabini.

"Hiyo ya katikati ni kimo cha ubavu," dereva alisema. "Lakini si milimita. Ni asilimia ya ule upana."

Asilimia hakuhitaji kufundishwa. Kila siku alipima dawa kwa hesabu hizo. Sabini kwa mia ya mia tisini na tano: mia thelathini na sita na nusu. Sitini kwa mia: mia na kumi na saba. Karibu sentimita mbili. Gurudumu moja la mbele lilikuwa fupi kuliko mwenzake, na gari lilikuwa likivuta upande huo huo siku zote.

"Ulikuwa unalishikilia lisiende kushoto," alisema.

"Mabega yote yameniisha, sista."

Hakukuwa na ushindi katika sauti yake, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akakaa chini, mgongo kwenye mlango wa gari. "Niliandika kwamba wewe mzembe."

"Niliisoma."

"Nitaandika nyingine. Na nakala iende kulekule."

"Andika ukishalala. Sasa hivi utakosea namba."

Dereva akampa muuzaji simu, na muuguzi akamtajia mwenyewe, kila tarakimu, akamwambia airekebishe fomu kwa idhini yake: mia tisini na tano, sabini, R kumi na tano.

Hakulala. Aliandika barua mezani pa dawa, mistari sita, akafuta mitatu. Alasiri dereva alirudi, akafunga tairi, akamwomba apande wajaribu hadi njia panda. Muuguzi akaegemea dirisha, macho yanafumba.

Walipotoka langoni gari likaelemea kulia, nusura liingie mtaroni. Dereva akalirudisha, akatazama mikono yake.

"Samahani," alisema. "Imeshazoea kuvuta."

Kidogo kidogo akalegeza vidole. Gari likanyooka. Dereva alipoomba samahani, muuguzi mkuu alikuwa ameshasinzia, barua ikiwa mapajani, haijatiwa sahihi.