Kilo Tatu za Dereva

Jedwali la mwezi lilisema Dereva amejaa maji, na presha yake ilisema amekauka. Moja kati ya hayo mawili lilikuwa uongo, na nesi aliyelitengeneza hilo jedwali hakujua ni lipi.

Alikuwa amekaa kwenye meza ndogo nyuma ya mashine za kusafisha damu, karatasi za kila kipindi zikiwa zimerundikana mbele yake, anazihamishia kwenye kompyuta mstari baada ya mstari: uzito wa kuingia, uzito wa kutoka, presha, maji yaliyotolewa. Wagonjwa wengine walikwenda kama treni kwenye reli. Dereva ndiye aliyemtoa jasho. Wiki mbili za mwanzo aliingia na kilo sitini na nne na nusu, akatoka na sitini na mbili, ambao ndio uzito aliopangiwa, presha 130 kwa 80. Wiki ya tatu, ghafla, akaingia na sitini na saba. Wakamtoa lita tatu na nusu. Presha ikaporomoka, 95 kwa 55, miguu ikakaza mpaka akapiga kelele. Kipindi cha mwisho alitoka na sitini na mbili na nusu, yaani bado ana maji ya kutolewa, lakini presha ilikuwa 80 kwa 50 na alizimia akiwa bado kitini.

"Umechanganya safu," daktari alisema, akiinama juu ya bega lake. "Mtu akijaa maji presha inapanda, haishuki."

"Nimehakiki mara mbili, daktari. Tofauti ya uzito na maji yaliyotoka vinalingana kila siku."

"Basi moyo wake umechoka." Daktari alikuna kidevu. "Au sijui. Leo mtoe lita mbili na nusu, taratibu. Kisha apigwe picha ya moyo."

Nesi alibaki anakodolea macho ile safu. Kila namba ilikuwa sahihi, ila zikikaa pamoja hazikuwa na akili.

Mlango ukasukumwa, Dereva akaingia kwenye kiti chake cha magurudumu, mkewe nyuma akihema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mpime huyu mlevi wa maji."

"Mlevi wa nini!" Dereva alifoka kwa sauti kavu. "Wiki mbili huyu mwanamke anafungia mtungi kabatini. Naambiwa natoroka usiku kunywa bombani. Kwa miguu ipi?"

"Mizani haina ugomvi na wewe. Imesema umekunywa, umekunywa."

Nesi alicheka, akakisukuma kiti juu ya mizani ya sakafuni, mgonjwa akiwa ndani yake, kama kawaida. Sabini na tisa na nusu. Akatazama kikaratasi kilichobandikwa ukutani kwa mkono wake mwenyewe, *Kiti cha Dereva: 15*, akaandika sitini na nne na nusu.

"Na hili likiti jipya nalo," mama alisema, akijikanda kiuno. "Pale kwenye mteremko nilidhani litanirudia."

Kalamu ya nesi ikasimama.

"Jipya, mama?"

"La zamani lilivunjika gurudumu. Hili tumepewa, tangu wiki ile alipoanza kunywa maji kwa siri."

Wakamhamishia Dereva kitandani. Nesi akapima kiti kitupu. Kumi na nane. Akakishusha, akakipandisha tena. Kumi na nane.

Kila siku walikipima kiti kile kile kuingia na kutoka, kwa hiyo hesabu ya maji iligoma kusema uongo, wakati uzito ulikuwa unawadanganya mchana kweupe. Alitoa kilo tatu kila mstari tangu wiki ya tatu, na jedwali likatulia. Kipindi cha mwisho Dereva alitoka na hamsini na tisa na nusu. Na leo, kabla hata hajaguswa, alikuwa chini ya uzito wake.

"Usimtoe hata tone," daktari alisema alipoonyeshwa, uso umembadilika.

Nesi akamshika Dereva mkono, pale kwenye mshipa uliotengenezwa kwa upasuaji, inapopita sindano. Siku zote ulivuma chini ya vidole kama paka aliyeshiba. Akasogeza vidole. Akaweka sikio la daktari, kile kipimo cha kusikilizia. Kimya. Presha ikishuka sana, damu hulala, ikilala huganda.

"Vipi, mwanangu?" Dereva aliuliza. "Nimekunywa tena?"

"Hapana, mzee. Hukuwahi kunywa."

Mama alitazama sakafu.

Gharama ilikuwa hivi: mshipa mmoja uliochukua miezi kukomaa, ukafa. Mpira mmoja wa kupitishia damu, shingoni, badala yake. Upasuaji mwingine kwenye mkono uliobaki. Wiki mbili za kiu kwa mtu asiye na kosa.