Mahari ya Shaba

Nilimwacha mara moja tu, jamani! Mara moja, nikatafute maji ya kunywa, na ndugu yangu Kasimu akamaliza mahari yake yote barabarani.

Tulikuwa tumeshuka kwenye lori kutoka Kasongo. Baba yetu alikuwa amefariki, kwa hiyo mimi Mwanvua, dada mkubwa, ndiye niliyemsindikiza Kabambare kufunga ndoa na Fatuma, binti wa mzee Alimasi. Hela ile Kasimu aliipata kwa kujivunja mgongo kwenye mashamba ya pamba ya Wabeleji. Nikamwambia: kaa hapa, shika mfuko, usiongee na mutu. Niliporudi nilimkuta anacheka peke yake.

"Yaya, dada yangu, Mungu ametufungulia!" Akafungua kiganja. Pete.

Nikakaa chini palepale. "Hela iko wapi?"

Akanieleza kwa furaha tele. Mtu aliyekuwa akitembea mbele yake aliinama, akaokota pete mavumbini, akageuka. "Ndugu, na wewe umeiona? Basi tumeiokota wawili. Tugawane nusu kwa nusu, nisije nikala haki yako." Kasimu hakuwa ameona kitu, lakini akaitikia. Hapohapo akapita bwana mwingine, viatu vinang'aa, kofia ya karani kichwani. Akaiomba pete, akaipima kiganjani, akawaonyesha alama iliyochongwa kwa ndani. Zahabu safi! Angeinunua franga elfu tatu, basi tu, hela ameiacha nyumbani. Akawaonya wasiipeleke dukani wala kwa polisi, maana mtu mweusi akikutwa na zahabu huku karibu na machimbo anakwenda jela. Kisha akaenda zake.

"Na hao wawili walikuwa hawajuani?" nikauliza.

"Hata kidogo! Hawakusalimiana hata!"

Ya Rabi. Mtu mzima huyu, ana ndevu.

Huyo karani alipoondoka, aliyeokota akaanza kuhangaika. Mtoto wake mgonjwa kule Nyangwe, lori linamwacha, hawezi kungoja pete iuzwe. "Baki nayo yote. Mimi nipe chochote ulicho nacho, tuwe radhi." Kasimu akatoa mia mbili. Yule akazitazama, akasikitika, akamkumbusha kwamba nusu yake ni elfu moja na mia tano. Kasimu akaongeza, akaongeza tena, mpaka mfuko ukabaki mtupu, mia nane zote. Na alikuwa akimwonea huruma! Aliona yeye ndiye anayempunja mwenzake.

Niliisugua pete kwenye kiganja chenye jasho, nikanusa. Shaba tupu, inanuka kama sufuria kuukuu. Nikampa na yeye anuse. Akasema nina mafua. Nikamvuta mkono twende polisi kabla hawajafika mbali.

"Unataka nifungwe kwa sababu ya zahabu?"

Basi wale walimfunga mdomo kwanza, ndipo wakamwibia. Nilikuwa na hasira hata machozi yakanitoka.

Kwa mzee Alimasi, mbele ya watu wote, Kasimu akaiweka pete kwenye sahani. "Mahari ya binti yenu," akasema. "Zahabu." Nilitamani ardhi inimeze. Nikaichukua sahani, nikaingia nayo nyuma ya pazia, kwa wanawake. Fatuma akaisugua pete, akanusa, akanitazama. Ningemdanganyaje? Nikamweleza yote.

Hakukasirika. Msichana huyu alimpenda ndugu yangu, Mungu anajua kwa nini. Akamwita mwalimu wa msikiti karibu na pazia, akamuuliza kama pete ya shaba inafaa kuwa mahari. Mwalimu akajibu kwamba hata ya chuma inafaa, bibi harusi akiridhika.

"Nimeridhika," Fatuma akasema. Kisha akaninong'oneza: "Yaya, mwambie aseme tu mbele ya baba kwamba ni shaba, kwamba walimdanganya. Sitaki zaidi. Hela tutaitafuta pamoja."

Nikatoka mbio, nikainama sikioni mwake. "Kasimu, sema shaba. Anakutaka hivyohivyo. Sema, tukale pilau." Mwalimu naye alikuwa akimtikisia kichwa: sema, mwanangu, sema.

Mzee Alimasi akauliza kwa upole, "Bwana Kasimu, pete uliyoleta ni ya madini gani?"

Kasimu akanyoosha kanzu yake. "Zahabu. Mimi si mutoto wa kudanganywa njiani."

"Tulia kwanza, baba. Ni ya nini?"

"Zahabu!"

Nilimfinya mguu kwa kucha zangu zote. Hakunitazama hata.

Halafu sahani ikasukumwa nje taratibu kupitia chini ya pazia, pete juu yake.

"Mrudishieni zahabu yake," Fatuma akasema. "Asije akapata hasara."