Tiki ya Mashine ya Oksijeni

Watu wanasema nina mdomo mkali. Ni kweli. Lakini siku ile niliyopaswa kuutumia, niliufunga.

Mimi ni Kanini, nesi, na ndimi ninayeshika rejista ya mali katika dispensari yetu, ng'ambo kidogo ya soko la Tulia. Kila Juni tunahesabu vitu. Juni ya mwaka jana mashine ya oksijeni haikuwepo. Muthama, mkubwa wetu, alikuwa ameipeleka kwa fundi mjini Kitui bila kuandika popote, bila hata karatasi ya fundi.

"Sista, tia tiki tu," akaniambia. "Wiki ijayo iko hapa. Ukiandika haipo, tutaulizwa maswali mpaka Krismasi."

Nikatia tiki. Ipo, inafanya kazi. Nikasaini, tena bila kuinuka kitini.

Wiki ijayo gani! Mashine haijarudi hadi leo. Septemba wafadhili wakagawa mashine mpya kwa dispensari zisizo nazo. Wakasoma rejista yetu, wakaturuka. Na Februari, Mbinya, anayetusafishia wodi, akajifungua kwetu mtoto aliyekataa kupumua vizuri. Tulimkimbiza mtoto hospitali ya Kitui. Akafia njiani, mikononi mwangu.

Kwenye matanga nilimshika Mbinya mkono nikawalaani wafadhili. "Walitunyima, mwaitu, mama yangu. Watu hawana roho." Aiya, mimi! Kila siku nawahubiria wagonjwa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Mwaka huu Juni ikafika. Muthama akasema tena, "Fanya kama mwaka jana."

"Fanya wewe, na usaini wewe," nikamjibu. Akaenda zake.

Anayeshika rejista haruhusiwi kuhesabu peke yake, na karani alikuwa likizo. Basi Mbinya, aliyemaliza kidato cha nne, akapewa kazi ya kusoma rejista. Nilimwomba Mungu karani arudi. Hakurudi. Yeye anasoma jina la kitu na nambari, mimi natafuta kibandiko, nalinganisha na nambari ya kiwandani, anaandika hali yake. Mizani, ipo. Friji ya chanjo, ipo. Tukaingia chumba cha kujifungulia.

"Mashine ya oksijeni, moja," akasoma. Kidole chake kikateleza hadi safu ya mwaka jana, kikasimama. "Ipo. Inafanya kazi. Sista, hii saini si yako?"

Nilitaka kumtaja Muthama. Jina lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini mkono uliotia tiki ulikuwa wangu.

"Ni yangu. Haikuwepo, Mbinya. Ndiyo sababu tulirukwa."

Hakulia. Hakunitukana, na ningeshukuru kama angenitukana.

"Niandike nini?"

"Haikuonekana."

Akaandika, herufi moja moja. Kisha akashuka mstari unaofuata.

"Kitanda cha mtoto mchanga, kimoja."

Kilikuwa pale mbele yetu, kimetandikwa shuka alilofua yeye mwenyewe asubuhi.

"Kipo," nikasema.