Mshahara Unaotarajia

Beldina hakuwapenda watu wanaozunguka maneno. Alikuwa na diploma ya usimamizi wa wafanyakazi, watoto wanne, Akinyi na wadogo zake, waliokula kama nzige, na ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la vitambaa mjini Kisumu. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia waajiri watu. Mwajiri alilipa ada ya mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mtu aliyeajiriwa. Mtafuta kazi hakulipa hata ndururu. Maneno hayo aliyabandika mlangoni kwa herufi kubwa, maana mjini hapa palikuwa na wengine waliokula pande zote mbili.

Barua za ofisi alizipiga chapa kwa Kiingereza kama watu wote. Lakini kwa mafundi aliandika Kiswahili, na alijivunia Kiswahili chake. "Kikinyooka," alizoea kusema, "hakuna atakayekuja kuniambia hakuelewa."

Ndiyo maana Jumatano ile Wangui, karani wake, aliposoma jibu la barua lililotoka Katito, nje ya mji, Beldina alidhani anataniwa.

"Soma tena."

"'Mama Beldina, nakusalimu katika jina la Bwana. Kuhusu barua yako, mshahara ninaotarajia ni shilingi elfu nne na mia tano. Nimethibitisha. Wako mtiifu, Dalmas Ochieng.'" Wangui aliigeuza bahasha na kuikung'uta. Zikadondoka karatasi tatu zilizokunjwa kidogo kidogo kama dawa ya kienyeji. "Na ametuma hizi. Karatasi za mshahara za zamani. Za nini sasa?"

"Huyo ni yule fundi wa mitambo ya barafu?"

"Ndiye. Au labda sasa ni fundi wa baiskeli. Mama Akinyi, kwa bei hiyo hata mume wangu atamwajiri amsaidie kupanga mitumba sokoni Kibuye."

Beldina hakucheka. Alimfahamu Dalmas vizuri. Alikuwa amemhoji wiki mbili kabla, pale pale kwenye kiti cha plastiki. Dalmas alikuwa na cheti cha majokofu, na miaka tisa ya kazi na amonia, ile gesi inayogandisha barafu kiwandani na kumuua mtu mzembe. Barua za sifa alikuwa nazo, na alijibu kila swali isipokuwa moja. Alipoulizwa anataka mshahara gani alitazama viatu vyake, akasema, "Tutaelewana, Mama." Kwa hiyo Beldina akamwandikia: *Kabla hatujaendelea na hatua inayofuata, tafadhali thibitisha mshahara unaotarajia kwa mwezi, kabla ya makato, marupurupu ya nyumba yakiwemo.*

Sentensi imenyooka kama reli. Na jibu ndilo hili.

Kabla hajaamua la kufanya, simu ikalia. Alikuwa Kinyua, meneja wa kiwanda cha samaki aliyehitaji fundi. Kinyua naye hakuzunguka maneno, na ndiyo sababu walielewana.

"Madam, majina yangu matatu yako wapi? Na bei zao. Sitaki kumfanyia mtu majaribio siku nzima halafu aniambie anataka mshahara wa rubani."

Beldina akamsomea wa kwanza: elfu kumi na tano. Wa pili: elfu kumi na moja na nusu. Kinyua akaguna mara mbili, kila guno kwa namna yake. Kiwango chake cha juu kilikuwa elfu kumi na mbili, na Beldina alikijua, lakini hilo lilikuwa siri ya mwajiri na siri ya mwajiri haiuzwi.

"Na wa tatu?"

Beldina aliitazama ile barua mezani. "Wa tatu bado anathibitisha."

"Mradi asiwe wa bei ya chini. Nakwambia mapema: mtu wa chini ya elfu saba usiniletee. Mwaka jana nilimchukua mmoja kwa sababu alikuwa rahisi. Alifungua vali ya amonia kama anayefungua soda. Tulikimbia wote, mimi mbele. Fundi anayejijua hajiuzi hivyo. Nipe jibu kesho saa sita, nifunge orodha."

Simu ikakatwa. Wangui, ambaye masikio yake yalikuwa na kazi zaidi ya vidole vyake, alisema polepole, "Basi Dalmas amekwisha."

"Hajaisha. Pale Katito kuna ile pampu ya petroli yenye simu. Piga, waambie wamwambie afike hapa kesho asubuhi."

"Si uandike tu elfu kumi? Nani atajua? Akipata kazi atafurahi, na ada yetu itapanda."

"Wangui."

"Nimesema tu."

"Mshahara ni wake. Siwezi kumtajia mtu bei yake kama ng'ombe wa mnada. Piga simu."

Dalmas alifika asubuhi akiwa amevaa shati la kanisani. Alikuwa mwanamume mrefu wa miaka thelathini na kitu, mikono yake ina makovu meupe ya baridi ya bomba. Aliketi pembeni kabisa ya kiti, kana kwamba nusu yake alimwachia mgeni mwingine.

"Dalmas, kusoma unajua?" Beldina aliuliza.

"Najua, Mama."

"Barua yangu ilisemaje?"

"Ilisema nithibitishe mshahara ninaotarajia."

"Ukaandika elfu nne na mia tano. Ndizo unazotaka?"

Dalmas alishtuka. "Hapana! Mama, nani atazitaka hizo?"

Nyuma yao taipu ya Wangui ilinyamaza.

"Basi umeniandikia kwa nini?" Beldina alisema, sauti ikianza kupanda, ile ile aliyoitumia kwa wanawe walipovunja sahani.

"Kwa sababu hukuniuliza ninachotaka. Umeniuliza ninachotarajia." Dalmas alisema hivyo kwa upole, bila ubishi, kama mtu anayeeleza njia. "Nimefanya kazi kwa matajiri watatu. Wa kwanza aliahidi elfu sita, akanipa elfu nne. Wa pili vivyo hivyo. Huyu wa sasa alipandisha kidogo, ikafika elfu nne na mia tano, na hapo alisema nishukuru. Sasa mtu akiniuliza natarajia nini kwa tajiri wa nne, nimwambie uongo? Ukasema pia nithibitishe. Nikaleta ushahidi. Hizo karatasi tatu ndizo uthibitisho."

Wangui aliinamia taipu, mabega yakimtikisika. Beldina alichukua nakala ya barua yake mwenyewe akaisoma kwa mara nyingine, neno kwa neno. *Thibitisha. Unaotarajia.* Reli yake ilikuwa imenyooka kweli. Ila ilielekea kwingine.

"Haya," alisema. "Kosa ni langu. Nilikusudia kukuuliza unataka nini. Sasa niambie."

Dalmas akarudi kutazama viatu. "Hilo ni gumu, Mama. Kwetu mtu hasemi mwenyewe kuwa mimi bei yangu ni hii. Mbuzi ndiye hutajiwa bei."

"Mbuzi hajitajii mwenyewe, nyathina. Ndiyo maana huliwa."

Wangui akacheka waziwazi, na Dalmas naye, bila kupenda, akatabasamu. Kuitwa "mwanangu" kwa Kijaluo kulimlegeza mabega kidogo. Akaketi kiti kizima.

"Sikiliza," Beldina alisema. "Mwajiri ametenga kiasi gani siwezi kukuambia. Nikikuambia, hatanipa tena kazi, na nitakuwa nimestahili. Lakini kuuliza upya naweza. Utaacha kazi uliyo nayo. Utahama Katito, utapanga nyumba hapa mjini. Mitambo ikigoma Krismasi, unaitwa Krismasi. Ukilijua hilo lote, ni mshahara gani ambao chini yake utasema hapana, ubaki ulipo?"

Swali hilo Dalmas hakulikimbia. Alifumba macho kidogo. Akahesabu kwa vidole kimya kimya: nyumba mtaani Manyatta, karo ya binti yake, unga, chochote cha kumpelekea mama yake kila mwisho wa mwezi. Beldina alimwacha. Chini barabarani mwuza dagaa wa omena alikuwa akigombana na mtu wa mkokoteni.

"Elfu nane," Dalmas alisema mwishowe. "Nikipata elfu nane mkononi, nahama. Chini ya hapo sihami."

"Mkononi, au kabla ya makato?"

"Mkononi. Mimi ya makato sijui, nakuta yameshakatwa."

"Hapo ndipo wengi huumia. Mwajiri akisema mshahara, anasema ule wa juu, kabla serikali haijachukua kodi yake, kabla ya hazina ya uzeeni na bima ya hospitali. Ukisema nane yeye ataandika nane, na nyumbani utafika na pungufu, kisha useme umeibiwa tena. Wangui, lete jedwali la kodi."

Wakalipitia pamoja. Ili nane zifike mkononi, ule wa juu ulipaswa kuwa kama elfu kumi kasoro kidogo. Beldina alisukuma karatasi na kalamu mbele ya Dalmas.

"Andika wewe. Si mimi."

Dalmas aliishika kalamu kwa nguvu mno. Akaandika *elfu kumi, kabla ya makato, nyumba ikiwemo*, kisha akaitazama ile namba kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyeiweka pale. Beldina akamwambia ashuke akanywe chai, asiende mbali.

Saa sita simu ililia.

"Wa tatu ni Dalmas Ochieng," Beldina alisema. "Miaka tisa na amonia. Elfu kumi, kabla ya makato, nyumba ndani."

Kinyua aliguna. "Jana hakuwa na bei. Leo ana bei nzuri inayoingia kwangu kama ufunguo kwenye kufuli. Madam, umemwambia nimetenga ngapi?"

"Sikumwambia."

"Basi jana alisemaje?"

Wangui alitikisa kichwa kwa nguvu: usiseme. Beldina alimpa mgongo.

"Jana alisema elfu nne na mia tano."

"Ala! Na nilikwambia nini kuhusu watu wa bei ya chini?"

"Uliniambia. Lakini mimi nilimuuliza anatarajia nini kwa waajiri, naye akanijibu kwa ukweli, akaweka na karatasi za mshahara kuthibitisha. Leo nimemuuliza chini ya kiasi gani hatakuja. Amesema elfu kumi. Hayo ni maswali mawili, bwana Kinyua, na la kwanza niliuliza vibaya mimi. Kama ungependa kumkataa, mkatae kwa vali, usimkatae kwa Kiswahili changu."

Kisha ukasikika mlio ambao Beldina alidhani ni simu inakwaruza, mpaka akatambua kuwa meneja anacheka.

"Ameweka na karatasi! Mtu anayeshika maagizo namna hiyo ndiye ninayetaka karibu na amonia. Huyo wa kumi na tano mwondoe. Hao wawili waje Jumatatu, saa mbili, majaribio ya mikono."

Beldina alirudisha simu mahali pake. "Wangui, ile sentensi ya barua ifute. Andika: *Ni mshahara gani, kabla ya makato, ambao chini yake hutakubali kazi hii?* Na neno 'thibitisha' nisilione tena."

Akashuka ngazi mwenyewe. Dalmas alikuwa kwenye benchi la mama wa chai, kikombe kimejaa bado, chai imeshafanya utando. Alisimama alipomwona.

"Jumatatu, saa mbili, kiwandani," Beldina alisema. "Mko wawili. Majaribio ya mikono."

"Na zile elfu kumi, Mama?"

"Hazikumwogopesha meneja."

Dalmas alishukuru kwa Kijaluo. "Ero kamano, Mama. Kwa hiyo nitarajie?"

"Usitarajie kitu chochote," Beldina alisema. "Njoo na spana zako."